Ukingo Mmoja, Upana Tofauti: Kufuta Bango kwenye Picha ya Nyumba Bila Kuacha Kiraka

Tuseme tuna picha ya nyumba ya ghorofa mbili katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, eneo ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mlango wa chini ni wa mbao za kuchonga. Juu yake pamepigiliwa bango la bati la duka, la buluu iliyokoza. Mwenye nyumba anataka kuona, kabla hajatoa hata shilingi kumlipa fundi, sura ya mbele ya nyumba yake itakuwaje bango hilo likiondolewa na ukuta ukabaki na chokaa yake tu. Picha imepigwa kwa simu, pikseli 4,000 kwa 3,000. Bango lenyewe lina upana wa pikseli 1,100 na kimo cha pikseli 300.

Kulifunika ni kazi ya dakika mbili. Unanakili kipande cha ukuta kutoka sehemu nyingine ya picha hiyohiyo, unakiweka juu ya bango, na bango halionekani tena. Lakini kinachoonekana sasa ni kiraka: mstatili wenye kingo nne zilizonyooka, rangi yake imehitilafiana kidogo na ya ukuta, na mtu yeyote akitupia jicho anajua hapa pameguswa. Jicho la binadamu ni hodari mno wa kunasa mistari. Ukuta unaweza kubadilika kutoka mwangaza hadi kivuli polepole, ukapoteza robo ya mwanga wake, na mtazamaji asijue. Ila tofauti ndogo ikijipanga kwenye mstari ulionyooka, ataiona papo hapo.

Dawa iliyozoeleka ni kulainisha ukingo wa maski. Watu wengi huitumia kwa namna moja: wanachagua eneo, wanaandika namba fulani kwenye kisanduku cha `Feather`, na wanatarajia mshono ufe na rangi zipatane. Mambo hayo mawili si mamoja. Kulainisha kunaua mshono, hakupatanishi rangi. Tena upana unaofaa upande mmoja wa bango letu unaharibu upande mwingine.

Maski inafanya nini

Maski ni picha ya pili, isiyo na rangi, inayolingana ukubwa na picha yako. Kila pikseli yake inaiambia programu ichukue kiasi gani cha kiraka na kiasi gani cha picha ya chini. Nyeupe ni kiraka kitupu, nyeusi ni picha ya asili tupu, na kijivu ni mchanganyiko. Hesabu yake ni fupi:

```
matokeo = a × kiraka + (1 − a) × asili
```

Hapo `a` ni 1 penye nyeupe, 0 penye nyeusi, na 0.5 penye kijivu cha katikati. Kulainisha ukingo ni kuifanya maski isiruke kutoka nyeupe hadi nyeusi kwa pikseli moja, bali ishuke taratibu. Kwa kawaida ushukaji huo hufuata mkunjo wa Gauss, unaoanza polepole, unakaza mwendo katikati, kisha unatulia tena mwishoni. Haukuchaguliwa bure. Mteremko ulionyooka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani una kona mbili, pale unapoanzia na pale unapoishia, na kwenye kona hizo jicho hujitungia michirizi hafifu, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Ernst Mach aliieleza michirizi hiyo katika karne ya 19, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mkunjo usio na kona hauipi nafasi.

Upana wa mkunjo wa Gauss hupimwa kwa namba moja, sigma. Sigma ikiwa pikseli 12, karibu badiliko lote linamalizika ndani ya pikseli 36 kila upande wa ukingo. Jambo la kuangalia ni kwamba namba ya kisanduku cha `Feather` haina maana moja katika programu zote. Anayetaka kujua hasa anachokifanya ni bora aitengeneze maski yenye ukingo mkali kwanza, kisha aipitishie `Gaussian Blur` na kuitazama maski yenyewe kwa macho.

Mzimu wa bango

Tuanze na kosa linalowakuta karibu wote. Mtu anachora maski ikafuata kingo za bango sawasawa, halafu anailainisha. Akiitazama picha, bango limeondoka, lakini limeacha mzimu: fremu ya buluu iliyofifia inayozunguka pale lilipokuwa.

Sababu iko kwenye hesabu ile. Mkunjo wa Gauss hulainisha kuelekea ndani na nje kwa pamoja, kwa hiyo palepale ulipokuwa ukingo wa awali `a` inabaki 0.5. Maana yake kwenye ukingo wa bango tumechukua nusu ya kiraka na nusu ya bango. Ukizidisha ulaini, mzimu haupotei, unanenepa.

Tiba ni kuipanua maski kabla ya kuilainisha. Kwenye GIMP utaikuta `Select > Grow...`, na programu nyingine zina amri ya namna hiyo. Upanue kwa kiasi gani? Chukua rangi ya buluu ya bango kuwa na mwangaza wa 40 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na ukuta 205. Tofauti ni 165. Ukipanua kwa sigma mbili, yaani pikseli 24, kwenye ukingo wa bango inabaki asilimia 2.3 ya bango, sawa na karibu ngazi 4 za mwangaza. Ni kidogo, lakini imejipanga kwenye mstari ulionyooka, na mstari jicho haliuachi. Ukipanua kwa sigma tatu, pikseli 36, inabaki sehemu ndogo kuliko ngazi moja, na hapo hakuna wa kuiona. Kanuni ni nyepesi kukumbuka: panua mara tatu ya sigma, kisha lainisha.

Kabla ya hapo, hakikisha umelichagua bango pamoja na vyote lilivyokuja navyo. Bango lina kivuli chake chini na ubavuni. Lina misumari, na chini ya misumari kuna michirizi ya kutu iliyoteremka na mvua. Kivuli kikibaki bila mwenyewe, mtazamaji atajua kuna kitu kimetolewa hata kama hajui ni kitu gani.

Pande tatu laini, upande mmoja mkali

Sasa tazama kingo nne za bango letu. Juu, kushoto na kulia, bango limezungukwa na ukuta mtupu. Chini, pikseli 10 tu kutoka ukingo wake, panaanza boriti ya juu ya mlango, mbao nyeusi za kuchonga. Tukiipanua maski kwa pikseli 36 itaipanda boriti, na chokaa tunayoibandika itaanza kumwagikia juu ya nakshi kama ukungu mweupe. Tukiogopa na kupunguza upana kila upande, pande tatu za juu zitarudi kuonyesha mshono.

Ukuta uliopo pembeni ya bango hauna mpaka wa kweli mahali tunapoachia. Sisi ndio tumeamua kuishia hapo, na uamuzi wetu hautakiwi kuonekana. Huko ulaini mpana ni sahihi. Lakini penye boriti kuna mpaka wa kweli: chokaa inakoma, mbao zinaanza. Mpaka huo ulikuwepo kwenye picha tangu mwanzo na unatakiwa uendelee kuonekana kama kingo nyingine za mlango. Fundi rangi naye hafanyi tofauti: katikati ya ukuta huisambaza rangi mpya taratibu juu ya ya zamani, akifika kwenye fremu huweka utepe na kukata mstari.

Kwa hiyo tunahitaji maski moja yenye kingo za namna mbili, na siri iko kwenye mpangilio wa hatua. Kwanza panua maski yote kwa pikseli 36, iache ipande boriti. Pili, ilainishe kwa sigma 12. Tatu, tengeneza chaguo la pili linalofuata umbo la mlango na boriti yake, lilainishe kwa pikseli moja tu, kisha lijaze weusi kwenye maski. Weusi huo unakata ulaini pale panapotakiwa. Ukibadilisha mpangilio, ukakata kwanza halafu ukalainisha, ukungu utarudi juu ya nakshi kama vile hukufanya lolote.

Kwa nini pikseli moja na siyo sifuri? Kwa sababu lenzi na kamera hazitoi ukingo mkali kabisa. Ukikuza picha hadi uone pikseli mojamoja, utakuta mpaka wa mbao na chokaa umeenea pikseli moja au mbili. Ukingo wa maski usio na ulaini wowote utaonekana umekatwa kwa mkasi, na kwenye mistari ya mshazari utaota meno. Basi upana wa ukingo mkali usiubuni. Kuza picha, tafuta ukingo kama huo ambao hujaugusa, hesabu umeenea pikseli ngapi, na uige.

Rangi kwanza, ulaini baadaye

Mshono umekufa, mlango uko salama, lakini picha ikitazamwa kwa mbali kuna doa. Kingo zake hazionekani, ila juu ya mlango pana wingu lenye rangi baridi zaidi. Hapa ndipo watu huongeza ulaini hadi pikseli 60, hadi 100, na wingu linatanuka tu. Ulaini unatandaza tofauti ya rangi kwenye eneo kubwa, hauiondoi.

Ondoa tofauti kwa kupima. Kifaa cha kuchukua rangi kiweke kipime wastani wa eneo dogo, kwa mfano pikseli 11 kwa 11, kwa sababu pikseli moja ya chokaa kuukuu inaweza kuwa nyeusi au nyeupe kwa bahati tu. Tuseme kushoto kwa bango ukuta unasoma nyekundu 214, kijani 203, buluu 178. Kulia, ambako kivuli cha nyumba ya jirani kinaanza kuingia, unasoma 196, 188, 170. Kiraka chetu, kilichochukuliwa juu chini ya paa ambako vumbi ni haba, kinasoma 203, 198, 184.

Ukilinganisha na upande wa kushoto, kiraka kina upungufu wa nyekundu na kijani, na kina ziada ya buluu. Ndiyo sababu kilionekana baridi. Kwa kuwa mwanga huzidisha, haujumlishi, tunasahihisha kwa uwiano: 214 gawa kwa 203 ni 1.054 kwa nyekundu, 203 gawa kwa 198 ni 1.025 kwa kijani, 178 gawa kwa 184 ni 0.967 kwa buluu. Kwenye `Levels` au `Curves` unafanya hivyo kwa kila mkondo wa rangi peke yake. Nyekundu inapanda, buluu inashuka, na kiraka kinakaa vizuri upande wa kushoto. Tatizo ni kwamba upande wa kulia sasa kinang'aa kupita kiasi.

Rangi moja haiwezi kupatana na pande mbili zisizolingana. Tunatengeneza nakala mbili za kiraka. Moja imesahihishwa kwa ajili ya kushoto, na ya pili kwa ajili ya kulia kwa uwiano wa 0.966, 0.949 na 0.924. Nakala ya pili tunaiweka juu ya ya kwanza, na tunaipa maski ya mteremko inayoanza nyeusi kushoto na kuishia nyeupe kulia, ikitanda pikseli zote 1,100 za bango. Hiyo nayo ni kulainisha ukingo, ila ukingo wenyewe ni mpana kama bango zima, kwa sababu badiliko la mwanga linaloigizwa ni pana kiasi hicho.

Rangi ikishapatana hivi, sigma 12 pembeni inatosha na kubaki. Mtu anayelazimika kutumia ulaini mpana sana pembeni mara nyingi hajamaliza kazi ya rangi.

Kuna uhamaji mwingine wa rangi unaotokana na hesabu ya programu. Thamani za pikseli haziendi sambamba na wingi wa mwanga. Ukichanganya nyeusi 0 na nyeupe 255 nusu kwa nusu kwa kutumia namba hizo zilivyo, unapata 128. Ukichanganya mwanga wenyewe, jibu ni karibu 188. Rangi mbili zinapokaribiana, kama chokaa na chokaa, tofauti hiyo haina madhara. Lakini siku utakapogeuza rangi ya madirisha kutoka nyekundu kuwa kijani, ukingo mpana utaacha mstari mchafu wa kahawia kati yake. GIMP kuanzia toleo 2.10 inakuruhusu kuchagua leya ichanganywe kwa njia ipi. Pasipo na chaguo hilo, fanya ukingo uwe mwembamba.

Chembe na nyufa

Linabaki jambo ambalo huonekana picha ikikuzwa. Kuizunguka sehemu iliyofunikwa kuna utepe unaoonekana laini kuliko ukuta wote, kana kwamba umepigwa pasi. Kila picha ya simu ina chembechembe za bahati nasibu. Penye kijivu cha katikati tunachanganya chembe za picha ya chini na chembe za kiraka, na kwa kuwa hazihusiani, zinapunguzana. Penye nusu kwa nusu nguvu yake inashuka hadi asilimia 71 hivi. Nyufa za chokaa nazo zinapata shida hiyohiyo: ufa wa chini unaonekana nusu, ufa wa kiraka nusu, na mahali pamoja panakuwa na nyufa mbili za kizuka.

Peter Burt na Edward Adelson walilitatua hili mwaka 1983 walipokuwa wanaunganisha picha kadhaa kuwa moja. Wazo lao ni kuigawa picha kwa ukubwa wa mambo yaliyomo. Mabadiliko mapana ya mwanga na rangi yaunganishwe kwa ulaini mpana, na mambo madogo kama chembe na nyufa yaunganishwe kwa ulaini mwembamba. Kwa mkono unaweza kufanya toleo fupi la wazo hilo. Gawa kiraka katika leya mbili, moja iliyofifishwa inayobeba rangi na kivuli, nyingine inayobeba nyufa na chembe tu. Ya kwanza ipe maski ya sigma 12 au zaidi, ya pili ipe sigma 2. Utepe laini unapungua hadi usionekane.

Tena usilazimishe mstari wa maski uwe mstatili. Upindishe ufuate ufa uliopo, ukingo wa doa la unyevu, au bomba la maji ya mvua. Mshono ukilala juu ya mstari wa asili, jicho linauhesabu kuwa ni ule wa asili.

Njia nyingine ni zana zinazohesabu zenyewe upatanisho wa rangi, kama `Healing Brush` ya Photoshop, au mbinu ambayo Patrick Pérez na wenzake waliitangaza mwaka 2003, inayoshika nyufa na chembe za kiraka na kuazima rangi kutoka kwenye mpaka wake. Katikati ya ukuta zinafanya kazi nzuri ajabu. Karibu na mlango zinaharibu, kwa sababu mpaka ukigusa mbao nyeusi zana inadhani weusi ndiyo rangi ya kuazima, na moshi wa kahawia unapanda ndani ya chokaa. Ukizitumia, acha nafasi ya pikseli kadhaa kati ya eneo lako na boriti, kisha utepe uliobaki uujaze kwa mkono.

Kumkamata mwongo kabla hajatoka nyumbani

Macho yaliyokaa na picha moja kwa muda mrefu huizoea. Basi ilazimishe picha ikufichulie. Weka leya ya `Curves` juu ya zote na uupe mkunjo wake mwinuko mkali sana, ukuta wote uingie kwenye michirizi ya weusi na weupe. Tofauti ya ngazi 2 iliyokuwa imejificha itajitokeza kama umbo. Ukiona mstatili, rudi kwenye kingo. Ukiona wingu, rudi kwenye rangi. Ukiona utepe uliotulia, rudi kwenye chembe. Kila kosa lina sura yake, na sura hiyo inakwambia ni hatua ipi ya kurudia.

Kisha punguza picha hadi iwe ndogo kama kitambulisho. Kwa ukubwa huo nyufa zinapotea na doa la rangi, kama lipo, linabaki peke yake. Mwisho ikuze hadi asilimia 100 na upite kwenye mzunguko wote wa maski, hasa kwenye kona za boriti, ambako ulaini mpana na mwembamba vinakutana. Kazi yote iwe kwenye faili linalohifadhi leya na maski, na nakala ya JPEG itolewe mwishoni kabisa, mara moja, ikiwa na wasifu wa rangi wa `sRGB`. Bila hivyo picha iliyopatana kwako inaweza kuonekana imepauka kwenye simu ya mwenye nyumba.

Yapo yasiyotibika kwa maski. Kiraka kilichochukuliwa kwenye ukuta unaopigwa na jua kutoka ubavuni kina vivuli vidogo kwenye kila kinundu cha chokaa. Ukikigeuza kushoto kulia ili kifae mahali pake, vivuli hivyo vinaelekea upande usio na jua. Rangi italingana, mshono hautaonekana, na bado ukuta utamkera mtazamaji bila yeye kujua sababu. Hapo usipoteze saa nzima ukicheza na upana wa ukingo. Tupa kiraka, tafuta kingine kilichopigwa na jua lilelile kutoka upande uleule, na hesabu za rangi zianze upya.